Herufi Mbili Kati ya Kujitoa na Kujitolea

Kati ya neno kujitoa na neno kujitolea kuna tofauti ya herufi mbili tu. Anayejitoa anaondoka, anayejitolea anaingia kwa moyo wake. Barazani mtu akiteleza ulimi hapo, wenzake watamwelewa na mazungumzo yataendelea. Lakini katika fomu ya ridhaa, ile karatasi anayosomewa mtu kabla hajaingia katika majaribio ya dawa mpya, herufi hizo mbili zinabeba haki yake kubwa kuliko zote. Asili ya Kiingereza inamwambia kwamba anaweza kuacha utafiti wakati wowote bila kutoa sababu. Mfasiri aliyechoka akiandika "una haki ya kujitolea wakati wowote", msomaji ameambiwa kwamba mlango wa kuingia uko wazi siku zote. Mlango wa kutoka haukutajwa.

Kuna njia moja ya kulinasa kosa kama hilo kabla karatasi haijafika kijijini, hata kama mkuu wa utafiti yuko Ulaya na hajui Kiswahili hata kidogo. Anatafutwa mtu wa pili ambaye hajawahi kuiona fomu ya Kiingereza. Anapewa ile ya Kiswahili peke yake, na kazi yake ni kuirudisha katika Kiingereza. Kisha Kiingereza kilichotoka na Kiingereza kilichorudi vinawekwa ubavu kwa ubavu. Pale ambapo asili ilisema "kuacha" na iliyorudi ikasema "kujiunga kwa hiari", kosa limejianika lenyewe. Kazi hiyo huitwa tafsiri rejeshi.

Aliyeipa njia hii umaarufu katika utafiti ni mwanasaikolojia Richard Brislin, katika makala yake ya mwaka 1970. Aliwatumia watu 94 wa Chuo Kikuu cha Guam, kisiwa kilichoko Bahari ya Pasifiki, waliojua lugha mbili mbili. Kwa jumla walikuwa na lugha kumi. Waliandikiwa insha, wengine wakazitafsiri, wengine wakazirudisha. Brislin hakuishia kuisifia njia yake. Katika makala hiyohiyo alieleza namna inavyoweza kumdanganya anayeitegemea, na mtego mmoja baada ya mwingine aliouonyesha ungali unanasa watu wanaotafsiri fomu za Kiswahili leo. Tutairudia mitego hiyo baada ya kuiona kazi yenyewe ikifanyika.

Fomu ya ridhaa si karatasi ya hiari kwa mtafiti. Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, madaktari wa dunia wamekubaliana kwamba mtu hafanyiwi majaribio ya tiba kabla ya kuelezwa na kukubali. Tanzania kuna Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Kenya kuna Taasisi ya Utafiti wa Tiba, na zote mbili zilianzishwa mwaka 1979. Kamati za maadili za nchi hizi hutaka kuiona fomu katika lugha atakayosomewa mshiriki, na mara nyingi wafadhili wa nje huongeza sharti lao: leteni na tafsiri rejeshi. Kwa mfadhili asiyejua Kiswahili, hilo ndilo dirisha pekee la kuchungulia yaliyoandikwa kwa jina lake.

Sasa tuitazame kazi kwa karibu. Tuseme kuna utafiti wa dawa ya kuzuia malaria kwa watoto, na tuchukue aya moja ya fomu yake. Aya hii imetungwa kwa ajili ya makala haya, ila kila kosa lililomo ni la aina ambayo Kiswahili chenyewe kinairuhusu kwa urahisi. Asili ya Kiingereza ina mambo manne. Watoto watagawanywa katika makundi mawili bila mtu yeyote kuchagua nani aende wapi. Kundi moja litapata dawa inayochunguzwa, na la pili litapata kidonge kinachofanana nayo ambacho hakina dawa ndani. Huenda mtoto asipate faida yoyote. Na mzazi akimtoa mtoto katika utafiti, hatapoteza huduma za kawaida za zahanati.

Mfasiri anaileta aya hiyo hivi: "Mtoto wako atachaguliwa kwa bahati nasibu kupata dawa ya utafiti au dawa bandia. Mtoto wako hawezi kufaidika. Ukimtoa mtoto katika utafiti, utapoteza huduma za kawaida za zahanati."

Anayejua Kiswahili keshashtuka. Anayeisubiri fomu hiyo huko mbali hana cha kumshtua mpaka aya irudi.

Tuanze na lililo rahisi. Sentensi ya mwisho imepungukiwa na herufi moja. Ilipaswa kuwa "hutapoteza", imekuwa "utapoteza". Katika Kiswahili ukanusho wa nafsi ya pili unategemea herufi ile ya kwanza tu. Ikidondoka wakati wa kuchapa, ahadi inageuka kitisho. Mzazi anaambiwa kwamba akimtoa mwanawe, zahanati itamfungia mlango. Tafsiri rejeshi ikifanywa kwa uaminifu italeta kitisho hicho kwa Kiingereza, na hakuna mtu atakayekisoma bila kuinua kichwa. Hapa njia imefanya kazi yake sawasawa.

"Hawezi kufaidika" nalo litanaswa. Kiingereza kina namna ya kusema kwamba jambo huenda lisitokee, na maneno yaleyale ukiyachukua moja moja yanaonekana kama yanasema haliwezekani. Mfasiri aliyeyafuata neno kwa neno ameondoka na "hawezi". Yatarudi kwa Kiingereza yakiwa na maana ya kutowezekana kabisa, na tofauti itaonekana. Dawa yake ni "huenda asipate faida" au "anaweza asipate faida".

Linalobaki ni sentensi ya kwanza, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Yote yanategemea nani aliyepewa kazi ya kurudisha.

Tuseme amepewa mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika taasisi za utafiti. Anapoona "bahati nasibu" anajua mara moja kwamba panazungumziwa ule ugawaji wa makundi usiopangwa na mtu, na anaandika neno lake la kitaalamu la Kiingereza. Anapoona "dawa bandia" anajua kwamba ni kile kidonge kisicho na dawa, na analiandika neno lake la kitaalamu pia. Tafsiri inarudi ikiwa imelingana na asili herufi kwa herufi. Mfadhili anafurahi, cheti cha tafsiri kinasainiwa, fomu inagongwa muhuri.

Tuseme badala yake amepewa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya kata, mtu makini asiyewahi kushika fomu ya utafiti maishani mwake. Kwake bahati nasibu ni mchezo ule wa kununua tiketi na kusubiri zawadi. Dawa bandia ni ile inayotangazwa redioni kila mara wakaguzi wanapoikamata madukani: dawa feki, iliyoghushiwa, inayoua. Tafsiri yake inarudi ikisema kwamba mtoto atashindaniwa katika mchezo wa kubahatisha ili apewe ama dawa ya utafiti ama dawa feki.

Aya ni ileile, tena haina hata nukta iliyobadilika. Aliyeibobea kazi ameficha tatizo, asiyeijua amelifichua. Mama atakayeketi kwenye benchi la zahanati anafanana na nani kati ya hao wawili? Jibu la swali hilo ndilo linalopaswa kuamua nani apewe karatasi. Ndiyo maana miongozo inayoheshimika ya kazi hii husisitiza kwamba mrejeshaji asiwe ameiona asili, na ni busara kuongeza kwamba asiwe amezoea lugha ya watafiti.

Kidonge kisicho na dawa kinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu si jambo la nadharia. Utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ulianza mwaka 2009 na kuendelea hadi 2014. Uliwashirikisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya, na Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania. Ili kulinganisha, kundi la pili la watoto wa miezi 5 hadi 17 halikupewa sindano ya maji matupu. Lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo hata watoto hao waliondoka na kinga ya aina yake. Watoto wachanga wa wiki 6 hadi 12 wa kundi la kulinganisha walipewa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Sasa fikiria kazi ya kumweleza hayo mzazi aliyekuja kwa ajili ya malaria: kwamba mwanawe anaweza kuchanjwa dhidi ya ugonjwa mwingine kabisa, na kwamba hata anayemchanja hachagui. Hakuna neno moja la Kiswahili linalobeba mzigo huo. Inabidi kueleza: "Mtoto wako ataingia katika kundi moja kati ya makundi haya. Kompyuta ndiyo itakayopanga, si daktari, si muuguzi wala si wewe. Kila mtoto ana nafasi sawa ya kuingia kundi lolote." Sentensi tatu zimechukua nafasi ya neno moja, na zote zinaeleweka jikoni.

Hapo ndipo tafsiri rejeshi inapoweza kugeuka kutoka msaada na kuwa kikwazo.

Sentensi hizo tatu zikirudi kwa Kiingereza hazitafanana na neno moja la asili. Mkaguzi aliyeko mbali anaweka alama nyekundu: mmeongeza maneno ambayo hayamo. Mfasiri, anayetaka kazi iishe na malipo yatoke, anazifuta na kurudisha "bahati nasibu". Safari hii tafsiri inarudi vizuri. Karatasi imelingana zaidi na asili, ila mama anaielewa kidogo kuliko mwanzo. Wafasiri wa kazi hizi wanaujua mchezo huu: ukifasiri kwa kunata na Kiingereza, utafaulu, ukifasiri kwa Kiswahili cha watu, utaandikiwa maswali kurasa tatu.

Kipimo cha damu kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Asili inasema zitachukuliwa mililita 5 za damu. Mfasiri mwenye busara anaongeza: "kiasi cha kijiko kimoja cha chai". Anafanya hivyo kwa sababu mililita haina sura kichwani mwa mtu asiyefanya kazi hospitali, na kwa sababu Pwani yetu hofu ya mumiani, wanyonya damu wa hadithi za tangu wazee wetu, haijafutika kabisa. Mkaguzi anaona kijiko ambacho hakimo katika asili, naye anaamuru kiondolewe. Dawa ya ugomvi huo ni kukumbuka kwamba asili nayo si msahafu. Ikiwa Kiswahili kimepata njia bora ya kusema jambo, Kiingereza ndicho kibadilishwe. Kijiko cha chai kiingizwe katika fomu ya Kiingereza, kamati ya maadili ikiidhinishe, na tangu hapo karatasi mbili zitalingana bila mtu kulazimika kuharibu iliyo nzuri. Timu inayokubali kufanya hivyo mwanzoni, kabla fomu haijafungwa kwa muhuri, hujiokolea wiki nyingi za barua za kwenda na kurudi.

Turudi sasa kwenye mitego ya Brislin. Wa kwanza tumeshauona: watu wawili wenye lugha mbili wanaweza kuwa wamekubaliana kimyakimya kwamba neno fulani la huku ni sawa na neno fulani la kule, hata kama kwa watu wa kawaida si sawa. Ndicho kilichotokea kwa dawa bandia mikononi mwa mzoefu.

Wa pili ni wema. Mrejeshaji hodari hukutana na Kiswahili kibovu, akakielewa kilivyokusudiwa, akakiandika kwa Kiingereza safi. Ile "utapoteza" iliyokosa herufi yake inaweza kabisa kuponyoka kwa njia hiyo. Mtu anayesoma fomu nzima anajua kwamba hakuna mtafiti wa kawaida atakayetishia kumnyima mtoto huduma, basi akili yake inaongeza ile "h" bila hata yeye kujua. Karatasi ya Kiingereza inarudi ikiwa sahihi, na karatasi ya Kiswahili inakwenda kijijini ikiwa na kitisho chake. Kwa hiyo maelekezo ya kumpa mrejeshaji yawe wazi: usirekebishe, usikisie, palipo kombo pawe kombo, na pale usipoelewa andika kwamba hukuelewa.

Wa tatu ni wa kuchekesha usipokuhusu. Mfasiri anaweza kubeba umbo la Kiingereza lilivyo na kulivika maneno ya Kiswahili, na umbo hilo likarudi salama kwa sababu halikuwahi kuondoka. Tuchukue utafiti unaomtaka mshiriki aje kupimwa damu akiwa hajala tangu usiku. Asili inamwambia asile chochote baada ya saa 4 za usiku, ambazo kwa hesabu ya Kiingereza zinaandikwa kwa tarakimu 10. Mfasiri mwenye haraka anaichukua tarakimu ilivyo: "usile chochote baada ya saa 10 usiku". Mrejeshaji mwenye haraka naye anaichukua tarakimu ilivyo na kuirudisha. Asili 10, iliyorudi 10, alama ya vema. Ila kila Mswahili anajua kwamba saa 10 usiku jogoo wanakaribia kuwika. Aliyeifuata fomu kwa uaminifu amekula daku lake saa 9, amefika kliniki asubuhi, na vipimo vyake vya sukari havina maana. Makosa mawili yamefutana njiani, na kipimo hakikuona hata moja.

Hakuna namna ya kulinasa kosa hilo kwa kulinganisha Kiingereza na Kiingereza. Linanaswa na mtu anayesoma Kiswahili peke yake na kuuliza: hii ina maana gani kwangu kesho?

Kuna pia suala la Kiswahili cha wapi. Mtu wa Dar es Salaam akisema ana homa, anamaanisha mwili unachemka, na wengi watafikiria malaria. Mtu wa Nairobi akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua: pua inatiririka, kifua kimebana. Fomu inayomwambia mshiriki arudi kliniki haraka akipata homa itaeleweka kwa namna mbili kutegemea imesomwa upande gani wa mpaka. Ikirudishwa na Mtanzania, Kiingereza kitakuwa sahihi. Ikirudishwa na Mkenya wa bara, kitasema mafua. Utafiti unaofanyika Kenya ukatumia mrejeshaji wa Tanzania kwa kuwa ndiye aliyepatikana utapewa jibu la kutuliza lisilohusu watu wake. Tena fomu ya Kiswahili si lazima iwe kituo cha mwisho. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha taasisi ya Kenya kimefanya kazi tangu 1989, wazazi wengi wana Kigiriama au lugha nyingine ya Kimijikenda kama lugha ya nyumbani, na anayewasomea fomu ya Kiswahili huweza kuifafanua kwa lugha hiyo papo hapo, kwa maneno ambayo hakuna karatasi iliyowahi kuyarudisha.

Maneno ya madhara yana ugumu wake pia. Kliniki za Tanzania zina msemo mzuri, "maudhi madogo madogo", kwa mambo kama sindano kuvimba kidogo au kichefuchefu cha siku mbili. Ni msemo unaotuliza, na kwa yaliyo madogo kweli unafaa. Ukitumiwa kwa orodha nzima ya hatari, pamoja na zile zinazoweza kumlaza mtu wodini, unamficha mshiriki jambo. Upande wa pili, "madhara" pekee yake humtisha mtu kana kwamba kuumia ni lazima. Mrejeshaji anaweza kuyaandika yote mawili kwa neno lilelile la Kiingereza, na mlinganishaji asione kwamba moja linatuliza na jingine linatisha. Njia iliyo salama ni kuyatenganisha: haya hutokea kwa watu wengi na huisha yenyewe, haya hutokea kwa wachache, lakini ukiyaona njoo siku hiyohiyo.

Basi baada ya karatasi kurudi, anayelinganisha afanye nini? Kwanza asikimbilie kusahihisha Kiswahili. Kila tofauti aipitie pamoja na mfasiri na mrejeshaji, wote watatu mezani au kwenye simu, na waulizane imetoka wapi. Nyingine ni rangi tu ya maneno: asili ilisema "uchunguzi", imerudi "utafiti", na hakuna aliyedhurika. Nyingine ni kosa la mrejeshaji mwenyewe, na kuibadilisha fomu kwa sababu yake ni kuharibu kisichoharibika. Zinazobaki ndizo makosa ya kweli, nazo kwa kawaida ni chache na nzito. Zikisharekebishwa, sentensi hizo mpya zirudishwe tena, maana marekebisho ya dakika za mwisho ndiyo yanayoandikwa kwa haraka kuliko yote. Na namba ya toleo pamoja na tarehe iliyoko chini ya ukurasa ilingane katika karatasi zote tatu. Si ajabu kukuta tafsiri rejeshi nzuri sana ya toleo ambalo halitumiki tena, kwa sababu fomu ilibadilishwa mwezi uliofuata na hakuna aliyemkumbuka mrejeshaji.

Hata hivyo, fomu iliyopita yote hayo bado haijakutana na msomaji wake. Mwaka 2004 Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh walichapisha walichokiona kwenye tafiti tatu za Pwani ya Kenya zilizowahusu watoto. Wazazi walikuwa wametoa ridhaa, lakini uelewa wao wa kilichokuwa kikifanyika ulikuwa na mapengo, na kwa wengi mpaka kati ya kufanyiwa utafiti na kutibiwa haukuonekana. Si vigumu kuona kwa nini. Daktari ni yuleyule, jengo ni lilelile, na neno "dawa" ni lilelile, liwe linataja tiba iliyothibitishwa au kitu ambacho hakuna anayejua bado kama kinafaa.

Pengo hilo linazibwa kwa kukaa na watu. Kabla utafiti haujaanza, fomu inasomwa kwa wazazi wachache wa eneo lenyewe ambao hawamo katika utafiti, kisha inafunikwa. Mzazi anaombwa aeleze kwa maneno yake: mtoto atapewa nini? Nani ataamua? Ukibadili mawazo wiki ijayo itakuwaje? Swali la "umeelewa?" halisaidii, kwa kuwa heshima yetu inamfanya mtu ajibu ndiyo. Mama akijibu kwamba mtoto atakayeshinda ndiye atakayepata dawa nzuri, basi "bahati nasibu" imeshindwa, hata kama ilirudi kwa Kiingereza bila doa. Baba akisema kwamba hawezi kumtoa mtoto kwa sababu alishaweka dole gumba, basi sentensi ya kujitoa inahitaji kuandikwa upya. Majibu kama hayo ya watu wachache yana thamani kuliko cheti chochote kilichoambatishwa nyuma ya fomu, na timu inayofanya tafsiri rejeshi bila kuyatafuta imefanya nusu ya kazi. Hiyo ni nusu inayomridhisha mfadhili. Ya mshiriki bado.

Nawe msomaji, siku moja unaweza kuketi kwenye benchi hilo, wewe au mzazi wako. Ukisomewa fomu ya utafiti, omba uishike mkononi. Kama husomi, una haki ya kuwa na shahidi asiye wa timu ya utafiti, atakayesikiliza pamoja nawe mwanzo hadi mwisho. Neno usilolielewa liulizie hapohapo, hata kama foleni ni ndefu, na umwombe msomaji alieleze bila kulitumia tena. Tafuta sentensi inayosema unaweza kujitoa, na uhakikishe inasema kujitoa. Ukishasaini au kuweka dole gumba, nakala moja ni yako. Usiondoke bila kupewa.